Rozela haikupandisha damu ya mjomba: jinsi figo inavyoamuru uboho utengeneze damu

Mjomba wangu alikunywa rozela miezi minne mfululizo. Mkewe alichemsha yale maua mekundu kila asubuhi, mchana kukawa na glasi ya juisi ya bitiruti, na jioni hakikukosekana tembele au kipande cha maini. Alipoanza, damu yake ilikuwa 7.9. Miezi minne baadaye akapima tena, ikawa 6.8. Alinipigia simu huku anahema, na nilimsikia akipumzika kati ya sentensi moja na nyingine. "Mwanangu, mimi nakula kila wanachoniambia. Hii damu inakwenda wapi?"

Nilimwomba anitumie picha ya karatasi ya vipimo. Mimi ni mtu wa maabara, damu ndiyo kazi yangu, na watu wengi wakishaona kile kipimo cha hemoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, hawaangalii tena kilichobaki. Kwenye karatasi ya mjomba, kilichobaki ndicho kilichokuwa kinasema. Ukubwa wa chembe zake nyekundu ulikuwa 88, yaani wa kawaida kabisa. Mtu aliyeishiwa madini ya chuma chembe zake huwa ndogo na zilizopauka, na aliyekosa vitamini B12 au foliki huwa na chembe kubwa kupita kiasi. Za mjomba hazikuwa ndogo wala kubwa. Zilikuwa nzuri, ila zilikuwa chache mno. Na chini kabisa ya karatasi, kreatinini, taka ambayo figo nzima huitoa kwenye damu, ilikuwa imepanda sana. Mjomba ana kisukari na presha kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na figo zake zilikuwa zimechoka bila yeye kujua.

Swali lake lilikuwa sahihi, ila lilielekea upande mmoja tu. Damu haikuwa inakwenda popote. Ilikuwa haiji.

Kinachotoka kila siku

Mtu mzima ana chembe nyekundu zipatazo trilioni 25. Kila moja huishi siku 120 hivi. Haina kiini, haina mitambo ya kujikarabati, na katika siku hizo inapita kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe maelfu kwa maelfu ya mara, ikijikunja na kujikunjua. Ikizeeka inakuwa ngumu, inanasa kwenye wengu au ini, na seli za usafi zinaimeza.

Sasa piga hesabu. Gawanya trilioni 25 kwa siku 120, unapata zaidi ya bilioni 200 kwa siku. Gawanya tena kwa sekunde za siku moja, unapata chembe zaidi ya milioni mbili kila sekunde. Ndizo zinazokufa, na ndizo zinazopaswa kuzaliwa, mchana na usiku, hata ukiwa umelala. Kwa hiyo upungufu wa damu hauhitaji jeraha wala minyoo. Kiwanda kikipunguza kasi tu, huku uzee wa chembe ukiendelea na ratiba yake, damu itashuka polepole wiki baada ya wiki. Ndivyo ilivyokuwa kwa mjomba, tena kwake mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu figo zikishindwa, uchafu unaobaki kwenye damu hufupisha hata ule umri wa chembe, zisiweze kufika siku 120.

Kiwanda chenyewe ni uboho, yaani ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa, ambayo wengine wanaiita uloto. Kwa mtu mzima si kila mfupa unaotengeneza damu. Uboho mwekundu, ule unaofanya kazi, umebaki kwenye pingili za uti wa mgongo, nyonga, mbavu, mfupa wa kifua, fuvu, na ncha za juu za mifupa ya mapaja na mikono. Sehemu iliyobaki imejaa mafuta. Ndiyo maana daktari akitaka kuchukua sampuli ya uboho kwa mtu mzima hachomi sindano kwenye muundi, anakwenda nyuma ya nyonga.

Safari ya wiki moja

Ndani ya uboho kuna seli shina chache zinazoweza kuzaa kila aina ya seli ya damu. Watoto wa seli hizo wanagawanyika, na kila kizazi kinapunguza uchaguzi wake, hadi wanapatikana wale wasioweza kuwa kitu kingine isipokuwa chembe nyekundu. Hawa wa mwisho ndio wa kuwashika akilini. Bado hawana wekundu wowote, hawana hemoglobini, ukiwatazama kwa darubini hutawatofautisha na jirani zao. Lakini idadi yao ni kubwa, kubwa kuliko mwili unavyohitaji kwa siku ya kawaida. Hilo nitalirudia baada ya muda mfupi, maana ndilo fundo la mambo yote.

Seli ikivuka hapo inaanza mabadiliko ya haraka. Inagawanyika mara nne au tano, kwa hiyo moja inakuwa kumi na sita au thelathini na mbili. Kila mgawanyiko unapunguza ukubwa. Wakati huohuo inajijaza hemoglobini, hadi chembe moja iliyokomaa inabeba molekuli zipatazo milioni 270. Ukiangalia kioo cha uboho kilichotiwa rangi unaona safari nzima kwenye picha moja: seli kubwa za buluu iliyokolea, kisha ndogo zaidi zenye rangi ya kijivujivu, kisha zenye uwaridi. Buluu ni mitambo ya kutengeneza protini, uwaridi ni hemoglobini iliyokwisha tengenezwa.

Hazifanyi kazi hiyo kila moja kivyake. Zinakaa zimezunguka seli moja kubwa, makrofaji, kama vifaranga kwa mama yao. Makrofaji inazishika. Na mwisho wa safari, seli ndogo inasukuma kiini chake pembeni, inakitoa nje chote, na makrofaji inakimeza. Mimi hili bado linanishangaza kila nikilifikiria: kila chembe nyekundu iliyomo mwilini mwako ilitupa maagizo yake yote ya urithi ili ipate nafasi zaidi ya kubeba hemoglobini na wepesi wa kujikunja. Kutoka seli ile ya kwanza kuanza kuwa nyekundu hadi kiini kutoka ni kama wiki moja.

Chembe inayotoka hapo bado ni changa. Ina mabaki ya mitambo ya protini ndani yake, na hukaa siku moja au mbili kwenye damu kabla ya kuyamaliza. Mabaki hayo ndiyo yanayotupa sisi wa maabara dirisha la kuchungulia kiwanda bila kutoboa mfupa. Unachanganya matone ya damu na rangi maalumu ya buluu, unasubiri kama robo saa, unapaka kwenye kioo, unaweka chini ya darubini. Chembe za zamani zinaonekana safi. Chembe changa zinaonekana na nyuzi za buluu ndani yake, kama uzi uliokorogeka. Unahesabu elfu moja, unaandika ngapi zilikuwa changa.

Mjomba alipokuja mjini nilimpima mwenyewe. Katika chembe elfu moja nilipata changa tisa.

Tisa katika elfu ni asilimia 0.9, na vitabu vinasema kawaida ni kati ya 0.5 na 2. Mtu akisoma haraka ataandika "kawaida" na kuendelea na sampuli inayofuata. Hapo ndipo watu wanapokosea. Mjomba alikuwa na chembe milioni 2.3 tu kwa kila mikrolita ya damu, wakati mwanamume mzima anapaswa kuwa na takriban milioni 5. Asilimia 0.9 ya milioni 2.3 ni chembe changa 20,700. Mtu mzima asiye na shida yoyote ana kama 50,000. Yaani mtu aliyepoteza zaidi ya nusu ya damu yake alikuwa anazalisha chini ya nusu ya anachozalisha mtu mwenye damu tele. Nimepima watoto wenye selimundu ambao hemoglobini yao ni 7 kama ya mjomba, na chembe changa zao zinapita asilimia 10, kwa sababu uboho wao unakimbizana na chembe zinazovunjika mapema. Wa kwao unapiga kelele. Wa mjomba ulikuwa kimya.

Uboho wenyewe haukuwa mgonjwa. Chembe nyeupe zilikuwa sawa, chembe sahani zilikuwa sawa. Kiwanda kilikuwa kizima, kimekaa kinasubiri amri.

Amri inatoka figoni

Amri hiyo ni homoni inayoitwa erithropoietini, ambayo kliniki za figo wanaiita EPO kwa kifupi. Watu wengi, hata wahudumu wa afya, wanaiwaza kama mbolea: ukiimwaga, seli zinaota. Haifanyi kazi hivyo. Rudi kwa zile seli nilizosema zishikwe akilini, zilizokwisha amua kuwa chembe nyekundu lakini bado hazina wekundu. Seli hizo zimeumbwa na agizo la kujiua. Zisipozuiwa, zinajimaliza zenyewe kimyakimya, na makrofaji inafagia. EPO inapogusa kipokezi kilicho juu ya seli, ndani yake inawaka ishara inayozuia kifo hicho. Seli inabaki hai, inagawanyika, inavuka kwenda kwenye wekundu. Kwa hiyo EPO inaokoa seli zilizokwisha kuzaliwa zisife.

Siku ya kawaida EPO ni kidogo, zinaokolewa chache, zinazotosha kufidia zile milioni mbili za kila sekunde. Ukipata ajali ukapoteza damu, EPO inapanda, na seli ambazo zingekufa leo hazifi. Mwili haulazimiki kuanza upya kutoka kwenye seli shina, maana foleni ipo tayari mlangoni. Kwa mtu mwenye upungufu mkali wa damu na figo nzima, EPO inaweza kupanda hadi mara elfu moja ya kiwango chake cha kawaida.

Karibu asilimia 90 ya EPO ya mtu mzima inatoka kwenye figo, iliyobaki inatoka kwenye ini. Mtoto akiwa tumboni ini ndilo linaloongoza, kisha kazi inahamia figoni. Si ile mirija inayochuja mkojo inayoitengeneza. Ni seli nyembamba zinazokaa kwenye nafasi kati ya mirija na mishipa midogo ya damu. Kwa nini figo, na si moyo au mapafu? Fikiria unachotaka kupima. Unataka kujua kama damu inabeba oksijeni ya kutosha, na hutaki kudanganywa na mambo mengine. Msuli ukiwa unafanya kazi unakula oksijeni nyingi, ukipumzika unakula kidogo, kwa hiyo ungepotosha kipimo. Figo ina tabia ya pekee. Oksijeni yake nyingi inatumika kurudisha chumvi iliyochujwa. Damu nyingi ikiingia, inachuja chumvi nyingi, inatumia oksijeni nyingi. Damu kidogo ikiingia, inachuja kidogo, inatumia kidogo. Matumizi yanafuata mapato. Kwa hiyo oksijeni inayobaki kwenye tishu za figo haiyumbishwi sana na kasi ya damu, ila inashuka pale damu yenyewe inapobeba oksijeni pungufu. Hakuna sehemu nyingine ya mwili inayofaa zaidi kwa kazi hii.

Ndani ya seli hizo kipimo kinafanyika kwa namna rahisi kuliko unavyodhani. Kila wakati seli inatengeneza protini inayoitwa HIF, ambayo ikiachwa itawasha jeni ya EPO. Lakini kuna vimeng'enya vinavyoitia HIF alama, na kuitia alama kunahitaji oksijeni. HIF yenye alama inakamatwa na kuvunjwa ndani ya dakika chache. Oksijeni ikiwepo ya kutosha, HIF inatengenezwa na kuvunjwa, inatengenezwa na kuvunjwa, hakuna kinachotokea. Oksijeni ikipungua, alama haziwekwi, HIF inajazana, inaingia kwenye kiini cha seli, na EPO inaanza kutengenezwa. Seli haina chombo tofauti cha kupima oksijeni, maana oksijeni yenyewe ndiyo inayoharibu ujumbe. Gregg Semenza, Peter Ratcliffe na William Kaelin walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2019 kwa kuufungua utaratibu huu.

Mzunguko huu unaonekana vizuri kwa mtu anayepanda mlima kukaa. Mchukue mkimbiaji anayetoka Mombasa, usawa wa bahari, akaenda kupiga kambi Iten, mita 2,400 hivi. Ndani ya saa chache EPO yake inaanza kupanda, na kilele kinafika siku ya kwanza au ya pili. Chembe changa zinaongezeka katika wiki inayofuata, kwa sababu ile safari ya siku saba haifupishwi sana. Hemoglobini yenyewe inachukua wiki kadhaa kuongezeka. Lakini EPO haingoji hadi hapo. Mwili ukianza kuizoea hewa nyepesi, EPO inateremka karibu na kawaida huku chembe zikiendelea kujijenga. Kilichoanza kwa kishindo kinaendelea kwa upole.

Nusu karne ya kuitafuta

Wafaransa Paul Carnot na Clotilde Deflandre walidai mwaka 1906 kwamba kuna kitu kwenye damu ya sungura aliyepungukiwa damu ambacho kikidungwa kwa sungura mwingine kinamwongezea chembe nyekundu. Wengi waliorudia jaribio lao hawakupata jibu thabiti, na dai likapoa. Mwaka 1953 Allan Erslev, Marekani, alidunga sungura kiasi kikubwa cha utegili, yaani maji ya damu, wa sungura wenye upungufu wa damu, na safari hii chembe changa zikapanda bila ubishi. Mwaka 1957 Leon Jacobson na wenzake huko Chicago walitoa kiungo kimoja baada ya kingine kwa panya. Walipotoa figo, panya hawakuweza tena kupandisha EPO.

Kuipata homoni yenyewe ndiko kulikokuwa kugumu, kwa maana iko kidogo mno. Takaji Miyake wa Japani alikusanya lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa ambao uboho wao ulikuwa umekufa. Uboho wao haukuweza kuitikia, kwa hiyo figo zao ziliendelea kupiga mbiu, na EPO ilikuwa imejaa hadi kwenye mkojo. Mwaka 1977, akiwa na Eugene Goldwasser, walitoa humo EPO safi isiyofika hata miligramu kumi na chache. Kutokana na hiyo ndiyo jeni ikatafutwa na kupatikana, na mwaka 1989 Marekani ikaidhinisha EPO ya kutengenezwa kwa matumizi ya wagonjwa wa figo. Kabla ya hapo wagonjwa wa kusafishwa damu walikuwa wanaishi kwa kuongezewa damu chupa baada ya chupa, chuma kikiwajaa kwenye ini na moyo, na miili yao ikijenga kingamwili ambazo baadaye zilifanya figo ya kupandikizwa ikataliwe.

Figo inapochoka

Figo ikiharibika kwa kisukari au presha, nafasi kati ya mirija zinajaa makovu. Zile seli nyembamba zilizokuwa zinatoa EPO zinageuka kuwa seli za kutengeneza makovu, zinasahau kazi yao ya awali. Lakini si hilo tu. Figo iliyochoka haichuji sana, isipochuja sana haitumii oksijeni nyingi, na oksijeni isiyotumika inabaki kwenye tishu. Zile seli zilizobaki hai zinapima hewa inayozizunguka na kuona inatosha, wakati mwili mzima unahema. Tunajua kwamba bado zina uwezo, kwa sababu dawa mpya za vidonge zinazozuia HIF isitiwe alama zinafanya hata mgonjwa wa kusafishwa damu atoe EPO yake mwenyewe. Kwa hiyo mjomba alikuwa na hasara mbili, watoa amri wamepungua, na waliobaki wanadanganyika.

Hapo utaona kwa nini rozela haikufua dafu. Hata kama ingempa chuma chote anachohitaji, seli zinazopaswa kukitumia chuma hicho zilikuwa zinakufa kabla hazijafika hatua ya kutengeneza hemoglobini. Ni sawa na kurundika unga mlangoni mwa jiko lisilowashwa. Tena kwa mtu ambaye figo zake zimeshindwa, bitiruti na mboga zile kwa wingi zina potasiamu, na potasiamu ikipanda inasimamisha moyo. Mkewe alikuwa anampenda, na alikuwa anamhatarisha bila kujua. Nilimweleza taratibu, nikamwambia kosa si lake, maana hakuna mtu aliyewahi kumwambia.

Mjomba alianza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na akaandikiwa sindano ya EPO uniti 4,000 mara mbili kwa wiki, mwisho wa kusafishwa. Uzito wake ulikuwa kilo 60, kwa hiyo dozi ilikuwa ya kawaida ya kuanzia. Wiki sita zikapita. Damu ikatoka 6.8 ikafika 7.1. Katika kliniki aliyokuwa anahudhuria mazungumzo yakawa ya kuongeza dozi.

Nikaomba apimwe kwanza akiba ya chuma. Feritini, protini inayohifadhi chuma, ilikuwa 62, na protini inayosafirisha chuma kwenye damu ilikuwa imejaa kwa asilimia 14 tu. Kwa mtu wa kawaida feritini ya 62 si mbaya. Kwa mgonjwa wa figo anayedungwa EPO ni ghala tupu, kwa kuwa uvimbe wa ndani unaipandisha feritini kwa uongo, na kwa sababu mahitaji yake ni makubwa. Uboho unaofanya kazi ipasavyo unatumia miligramu 20 hadi 25 za chuma kila siku. Chakula kinaingiza miligramu moja au mbili, zilizobaki zote zinatoka kwenye chembe zilizozeeka. Mtu anayesafishwa damu anapoteza kidogo kwenye mirija na kichujio kila mara, na kwa mwaka hasara inaweza kufika gramu moja hadi tatu za chuma. Hawezi kuifidia kwa mdomo kirahisi, maana mwili wenye figo mbovu umejaa hepsidini, homoni ya ini inayofunga mlango wa chuma kwenye utumbo.

Kwa hiyo jiko lilikuwa limewashwa, ila sasa hapakuwa na unga. EPO ilikuwa inaokoa seli, seli zinafika hatua ya kujaza hemoglobini, na chuma hakipo. Alipewa chuma kwa mshipa, miligramu 200 kila mara, mara tano. Dozi ya EPO haikuguswa. Siku ya kumi niliweka damu yake chini ya darubini tena. Nyuzi za buluu zilikuwa kila upande. Katika elfu moja nilihesabu thelathini na moja. Nilimpigia kabla sijavua glavu.

Wiki nne tangu chuma kianze damu ilikuwa 8.2. Wiki ya kumi na mbili ilikuwa 10.6, na daktari akapunguza dozi ya EPO. Mjomba hakuelewa, alitaka ifike 14 kama ya vijana. Kuna sababu mbili za kutoifikisha huko. Ya kwanza ni muda. Chembe zinazotoka leo zitakuwepo kwa miezi kadhaa, kwa hiyo dozi unayoibadilisha leo haitaonyesha athari yake kamili hadi baada ya wiki nyingi. Anayeongeza dozi kila wiki kwa kuwa haoni mabadiliko, baada ya miezi miwili atajikuta na damu nzito inayopanda na hana breki, kwani chembe zikishatoka hazirudi ubohoni. Ndiyo maana dozi hairekebishwi mara nyingi zaidi ya mara moja kwa mwezi, na damu haitakiwi kupanda zaidi ya gramu mbili hivi kwa desilita kwa mwezi.

Sababu ya pili ilipatikana kwa gharama ya maisha ya watu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwagawa wagonjwa wa figo, wengine wakalengwa kufika 13.5, wengine 11.3. Waliolengwa juu ndio waliokufa na kupata matatizo ya moyo zaidi. Mwingine wa mwaka 2009, kwa wagonjwa wa figo wenye kisukari, uliona kiharusi karibu mara mbili kwa waliopandishwa juu. Tangu hapo lengo la kliniki nyingi ni kati ya 10 na 11.5, na presha inapimwa kila mgonjwa anapokuja, kwa sababu EPO huipandisha.

Sindano zenyewe zinakaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, hazigandishwi na hazitikiswi, la sivyo protini inaharibika huku kichupa kikionekana kilekile. Mjomba sasa ana kiboksi chake chenye vipande vya barafu vilivyofungwa kwenye taulo ili visiguse dawa moja kwa moja. Juzi alipanda ngazi za ghorofa ya pili nyumbani kwangu bila kusimama katikati. Alipofika juu akaniuliza kama zile nyuzi za buluu bado zipo.